Mwenye nyumba ametuma vitisho vya kodi: namna ya kusoma mazungumzo yenu na kuandika jibu

Ujumbe umeingia saa tatu usiku, tarehe 3 Septemba:

"Wewe kijana umenichosha. Unadaiwa laki tisa na nusu. Kila siku ahadi tu. Kesho saa nne nakuja na vijana, vitu vyako nje na kufuli mlangoni. Usinipigie."

Tutatumia ujumbe huu mpaka mwisho wa mwongozo. Ni mfano uliotungwa, lakini aliyewahi kupanga Dar es Salaam, Mwanza au Arusha atautambua. Mpangaji ana mkataba wa mwaka mmoja, Januari hadi Desemba, kodi 250,000 kwa mwezi, inayolipwa kwa miezi sita. Nusu ya kwanza ya mwaka alilipa yote, 1,500,000, bila shida. Nusu ya pili ndiyo iliyoharibika, na kila kitu kuihusu kimo ndani ya simu: meseji za WhatsApp, sauti mbili, picha ya risiti na ujumbe wa muamala.

Wengi hukosea kwa kuujibu ujumbe huu mmoja peke yake. Lakini huo ni mwisho wa mazungumzo ya miezi miwili, na nguvu ya jibu iko huko nyuma. Kwa hiyo kazi ya kuandika itachukua dakika ishirini, na kazi ya kusoma saa nzima au zaidi.

Kabla ya kujibu neno lolote, hifadhi ushahidi

Kwenye WhatsApp mtu anaweza kufuta ujumbe wake kwa pande zote hata siku mbili baada ya kuutuma. Mwenye nyumba akishauriwa na mtu asubuhi kwamba maneno ya "vijana" na "kufuli" yatamponza, ataufuta, nawe utabaki na alama ya ujumbe uliofutwa. Piga picha ya skrini sasa hivi. Picha ionyeshe tarehe na saa, kisha piga nyingine ya ukurasa wa mawasiliano yake unaoonyesha namba yenyewe, maana jina "Mzee Nyumba" ulilolihifadhi wewe halithibitishi kitu kwa mtu mwingine.

Halafu toa nakala ya mazungumzo yote. Kwenye simu ya Android fungua gumzo, bonyeza vidoti vitatu, chagua `More`, kisha `Export chat`, na ujitumie kwa barua pepe. Angalia pia kama mmewasha `Disappearing messages`. Kama imewashwa, meseji za zamani zinaendelea kupotea huku ukizitafuta, na huna muda wa kusubiri. Sauti zisikilize na uziandike neno kwa neno, ukiweka tarehe na saa. Mjumbe wa mtaa hatakaa kusikiliza sauti ya dakika nne, ila ataisoma mistari sita.

Ujumbe wa muamala wa simu usiufute kamwe, hata kama umejaza simu. Ukiwa umeshaufuta, nenda kwenye duka la mtandao wako na kitambulisho, uombe taarifa ya miamala ya kipindi hicho. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kupokelewa kama ushahidi, lakini swali litakalofuata ni kama haukuchezewa, na hapo simu yenyewe yenye meseji asilia ina uzito kuliko picha za skrini. Usiibadilishe wala kuiuza simu hiyo mpaka jambo liishe.

Soma kuanzia pale mlipokuwa hamgombani

Usianze mwanzo kabisa wa mazungumzo, utachoka kabla hujafika. Rudi nyuma mpaka ukute siku ya mwisho ambayo nyote wawili mlikubaliana hakuna deni. Hapa ni mwishoni mwa Juni, miezi sita ya kwanza ilipokuwa inaisha. Kutoka hapo chukua karatasi, andika kila ujumbe unaogusa fedha au ahadi: tarehe, nani kasema, na maneno yake kama yalivyo. Salamu na habari za mafuriko ziache. Hii ndiyo karatasi ya mpangaji wetu:

28 Juni, mpangaji: "Mzee naomba safari hii nilipe miezi mitatu mitatu, hali imebana."
29 Juni, mwenye nyumba: "Sawa lakini usichelewe."
3 Julai, mpangaji anatuma 400,000 kwa simu. Mwenye nyumba: "Nimeona."
19 Julai, mwenye nyumba, kuhusu pampu ya maji iliyokufa: "Tafuta fundi atengeneze, tutakata kwenye kodi."
20 Julai, mpangaji anatuma picha ya risiti ya fundi, 60,000. Hakuna jibu.
6 Agosti, mpangaji: "Mzee nimempa kijana wako 150,000 mkononi sasa hivi." Tiki mbili za bluu, hakuna jibu.
20 Agosti, mpangaji: "Mzee ijumaa tarehe 22 namalizia yote." Mwenye nyumba: "Nasubiri."
22 Agosti: kimya.
27 Agosti, mwenye nyumba, kwa sauti: "Naona umeamua kunifanya mtoto."
3 Septemba: vitisho.

Sasa ipitie karatasi hiyo ukijiuliza, kwa kila mstari, ni nani aliyejifunga na kwa jambo gani.

Neno "sawa" la tarehe 29 Juni ni kubwa, ila lina masharti. Kwanza hakikisha lilikuwa linajibu nini. Kama siku hiyo ulituma meseji tatu, moja ya kodi, moja ya takataka na moja ya geti, "sawa" inaweza kuwa ya geti. Angalia kama aliutia ujumbe wako kwenye jibu lake au kama hakuna kitu kingine kilichoingia katikati. Hapa hakuna, kwa hiyo "sawa" ni ya miezi mitatu mitatu. Lakini amesema "usichelewe", na mpangaji amechelewa. Mwenye nyumba anaweza kudai kwamba hilo ndilo lililovunja ruhusa. Soma pia mkataba: baadhi ya mikataba ina kifungu kinachosema mabadiliko yoyote yawe kwa maandishi na sahihi za pande zote. Udhaifu kama huu haufanyi hoja yako ife, ila unakuonyesha kwamba lazima uweke fedha mezani, siyo maneno peke yake.

Tiki za bluu za tarehe 6 Agosti zinaonyesha kwamba alisoma. Hazionyeshi kwamba alikubali. Kimya cha tarehe 20 Julai juu ya risiti nacho ni hivyo hivyo, ingawa pale kuna nafuu: ruhusa ya kutengeneza ilitoka kwake siku moja kabla, kwa maandishi.

Mstari mgumu kuutazama ni wa tarehe 22 Agosti. Mpangaji aliahidi siku, akaitaja mwenyewe, kisha akanyamaza. Ukisoma sauti ya tarehe 27 utaona kwamba hasira ya mzee imeanzia pale, wala haikutokana na kiasi cha deni. Jibu lisilogusa jambo hilo litapotea bure, hata likiwa na hesabu sahihi kuliko za benki. Kila mazungumzo ya namna hii yana mstari kama huo. Utafute kwako.

Irudishe nyuma namba aliyoitaja

Mwenye nyumba akitaja kiasi, hata kwa hasira, amekupa hesabu yake yote. Kazi yako ni kuifungua.

Anasema 950,000. Kodi ya miezi sita ni 1,500,000. Ukitoa 950,000 unabaki na 550,000. Je, kuna malipo gani yanayofika 550,000? Ni 400,000 ya simu na 150,000 ya mkononi. Maana yake mzee ameihesabu ile fedha aliyopewa kijana wake. Kama asingeipokea au asingeitambua, angedai 1,100,000. Mpangaji aliyekuwa na hofu juu ya malipo yasiyo na risiti sasa ana uthibitisho, na umetoka kwa mdai mwenyewe, ndani ya ujumbe wa vitisho.

Hapo unaiona tofauti yenu ilipo. Yeye anahesabu miezi sita yote kana kwamba "sawa" haikuwahi kusemwa, na hakukata gharama ya pampu. Kwa makubaliano ya miezi mitatu hesabu inakwenda hivi: kodi ya Julai, Agosti na Septemba ni 750,000. Imelipwa 400,000 na 150,000, na fundi wa pampu 60,000, jumla 610,000. Deni ni 140,000. Ile 750,000 ya Oktoba hadi Desemba inaanza kudaiwa tarehe 1 Oktoba.

Hesabu ihakiki kwa kwenda upande wa pili: 140,000 ukiongeza 60,000 na 750,000 unapata 950,000, namba yake. Ikishafunga hivyo, unajua hakuna malipo uliyosahau wala aliyoyasahau. Isipofunga, usiandike jibu bado. Kuna kitu hukukiona, aghalabu ni bili ya maji au ya taka iliyochanganywa humo, au salio la muhula uliopita.

Na hesabu ikikuonyesha kwamba unadaiwa kile kile anachosema, au zaidi, kubali. Jibu litabadilika sehemu moja tu: badala ya kusahihisha kiasi, utakithibitisha. Usitafute pampu isiyokuwepo. Matengenezo uliyoyafanya bila kumuuliza usiyakate kwenye kodi ndani ya jibu hili. Yaombe kando, siku nyingine.

Anachoweza kufanya na asichoweza

Tanzania Bara upangaji uko chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113. Ile sheria ya zamani ya udhibiti wa kodi za nyumba, ambayo bado watu huitaja vijiweni, ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo usiitegemee. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na nyumba, na yanayofuata hapa hayaihusu.

Mwenye nyumba ana haki ya kudai kodi yake, ana haki ya kukupa notisi ya maandishi ya kuvunja mkataba kwa sababu hujalipa, na ana haki ya kufungua shauri. Mgogoro wa pango husikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la kata, tangu marekebisho ya mwaka 2021, linapatanisha tu, halitoi hukumu. Mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa nao ni wasuluhishi; hakuna kati yao mwenye mamlaka ya kuamuru utolewe, hata akija na mhuri.

Asichokuwa nacho mwenye nyumba ni haki ya kukutoa kwa mikono yake: kutoa vitu nje, kupiga kufuli, kung'oa mlango au bati, kukata maji au kukunyima umeme wa LUKU ili uhame mwenyewe. Deni halimpi ruhusa hiyo.

Jua hayo kwa ajili ya utulivu wako. Kwenye jibu yatachukua sentensi mbili au tatu, bila namba ya kifungu. Mzee anayesomewa vifungu anasikia kwamba umeshakwenda kwa wakili, naye atatafuta wake. Ukifikia Barazani vifungu vitakuwa na mahali pake.

Gawanya ujumbe wake kabla ya kuujibu

Ujumbe wa vitisho huwa na mambo manne yaliyosukwa pamoja: dai la fedha, muda, kitisho, na maneno ya kuumiza. Katika ujumbe wetu dai ni 950,000, muda ni kesho saa nne, kitisho ni vijana na kufuli, na maneno ya kuumiza ni "wewe kijana umenichosha" na "kila siku ahadi tu".

Dai na muda vinajibiwa kwa ukamilifu. Kitisho kinajibiwa kwa ufupi, karibu na mwisho. Maneno ya kuumiza hayajibiwi, isipokuwa yakiwa na ukweli ndani yake. "Kila siku ahadi tu" ni ya kuudhi, lakini nusu yake ni kweli, na ile nusu ndiyo utakayoiomba radhi.

Hebu tuangalie jibu ambalo watu huandika saa tatu na dakika tano usiku:

"Mzee usinitishe sheria naijua. Huwezi kunitoa bila amri ya mahakama. Hilo deni sio kweli kapige hesabu vizuri. Nitakulipa nikipata na usiniite kijana nina familia."

Sentensi ya mwisho inaweza kuwa na haki yake, na ya pili ina ukweli. Hata hivyo jibu hili ni baya, na ubaya mkubwa hauko kwenye ukali wake. Uko kwenye "nitakulipa nikipata". Umekiri deni bila kutaja kiasi, na umejitoa kwenye muda wowote. Akienda nayo kwa mwenyekiti, itasomwa kama mtu aliyekataa kulipa. "Hilo deni sio kweli" bila kuweka namba ya kwako nayo inasomwa kama ubishi. Na hakuna shikamoo. Kwa mtu uliyekuwa ukimwamkia kila siku kwa miezi minane, kuiacha leo ni kumwambia kwamba uhusiano umekwisha, na huenda hukukusudia kusema hivyo.

Kosa la upande wa pili ni jibu la kunyenyekea kupita kiasi: "Shikamoo mzee, samahani sana mzee wangu, nakuomba sana, nipe muda, Mungu atakubariki, nitalipa yote." "Yote" ni ngapi? Umekubali 950,000 wakati unadaiwa 140,000. Heshima haikuhitaji ukubali namba.

Tuma fedha kwanza, ndipo uandike

Kama una chochote, kitume kabla ya ujumbe, siyo baada yake. Mpangaji wetu ana 70,000. Anaituma asubuhi saa moja, namba ya muamala anainakili, ndipo ujumbe unakwenda saa moja na nusu, muda wa kutosha kabla ya ile saa nne. Ujumbe unaosema "nimetuma" baada ya ahadi iliyovunjwa una uzito ambao "nitatuma" haiwezi kuupata tena. Usimpe mtu mwingine ampelekee mkononi. Fedha ya leo lazima iwe na alama.

Kisha chagua tarehe ya salio. Chukua siku ambayo fedha inaingia kwa uhakika, uongeze siku mbili au tatu. Kama mshahara unatoka tarehe 12, sema 15. Tarehe ya mbali unayoitimiza ni bora kuliko ya karibu unayoikosa, hasa hapa ambapo ya karibu imeshakosewa mara moja. Kama huna chochote leo, andika tarehe mbili na viwango viwili, na kile cha kwanza kiwe kidogo ambacho hakika utakipata. Kama huoni namna ya kulipa kabisa, usitunge tarehe: pendekeza siku ya kuhama na namna ya kulimaliza deni baada ya hapo. Wenye nyumba wengi hulipokea hilo vizuri kuliko ahadi ya nne.

Jibu lenyewe

"Shikamoo mzee. Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma. Kwanza naomba radhi: nilikuahidi kumalizia tarehe 22 Agosti, sikumalizia na sikukujulisha. Hilo ni kosa langu.

Kuhusu hesabu. Tarehe 29 Juni ulinikubalia nilipe miezi mitatu mitatu. Kodi ya Julai hadi Septemba ni 750,000. Nimelipa 400,000 tarehe 3 Julai kwa simu, na 150,000 tarehe 6 Agosti kwa kijana wako. Pampu ni 60,000, uliyosema tarehe 19 Julai nitengeneze tukate kwenye kodi, na risiti nilikutumia kesho yake. Jumla 610,000. Deni lilikuwa 140,000.

Leo asubuhi nimekutumia 70,000, muamala namba ......... Imebaki 70,000, nitaituma tarehe 15 Septemba. Kodi ya Oktoba hadi Desemba, 750,000, inaanza tarehe 1 Oktoba.

Kama hesabu yako ni tofauti, naomba uniandikie ulivyopiga tulinganishe, au tukae kwa mjumbe siku utakayopanga wewe.

Kuhusu kutoa vitu na kufunga mlango, mzee, naomba tusifike huko. Mimi bado ni mpangaji wako kwa mkataba hadi 31 Desemba. Ukiona ni lazima nihame, nipe notisi ya maandishi nami nitakujibu kwa maandishi. Asante mzee."

Radhi imekuja mwanzo, na imetaja kosa moja kwa tarehe yake. Haijaomba radhi kwa kuchelewa kwa jumla, kwa hali ngumu, wala kwa kumkasirisha, kwa kuwa radhi pana hivyo inaweza kusomwa kama kukiri kila alichosema. Sababu za kukwama, ugonjwa wa mtoto au biashara kuyumba, hazimo. Zingekuwa za kweli, lakini zimeshasemwa Juni kwa "hali imebana", na kuzirudia kungemfanya mzee aache kusoma kabla ya kufika kwenye 70,000.

"Ulinikubalia" imechaguliwa badala ya "tulikubaliana". Inampa yeye heshima ya aliyetoa ruhusa, na inaonyesha ruhusa ilitoka kwa nani. "Deni lilikuwa 140,000" iko katika wakati uliopita kwa sababu asubuhi hiyo hiyo limeshuka. Namba zimeandikwa kwa tarakimu zote, siyo "laki saba na nusu", ili mtu wa tatu akisoma asikosee.

Kodi ya Oktoba imetajwa ingawa hajaiuliza. Bila kuitaja, mzee atafikiri 750,000 imefutwa, na ugomvi utarudi baada ya wiki nne.

Sentensi za kufuli zina kazi ya kukataa bila kutisha. Hazisemi polisi, hazisemi Baraza. Zinataja mkataba na tarehe yake ya mwisho, na zinamwonyesha njia halali aliyonayo, notisi. Neno "mzee" limewekwa katikati ya sentensi ngumu kwa makusudi. Liondoe halafu uisome tena kwa sauti, utasikia tofauti.

Kama mwenye nyumba ni mama, "Shikamoo mama" inakaa vilevile. Kama ni rika lako, "Habari za asubuhi" na jina lake, na "ndugu yangu" pale palipo na "mzee". Usimwite "bosi" katika ujumbe wa namna hii, unaweza kusikika kama kejeli.

Tuma kama ujumbe mmoja, kwa maandishi, kwake peke yake. Meseji nane fupi zinampa nafasi ya kukukatiza kwenye ya pili, na sauti inabeba hasira au mtetemo uliodhani umeuficha. Kundi la wapangaji wa nyumba hiyo usiliguse: mzee aliyefedheheshwa mbele ya wapangaji wengine hatarudi nyuma hata akijua amekosea. Amesema usimpigie, basi usimpigie.

Atakavyojibu, na wewe ufanye nini

Akijibu "sawa", usifurahi mapema. Umeshaona tatizo la "sawa" isiyojulikana ni ya nini. Andika mstari mmoja: "Asante mzee. Basi imebaki 70,000 ya tarehe 15 Septemba." Akinyamaza baada ya hapo, maandishi yako ndiyo ya mwisho kwenye mazungumzo.

Akikataa hesabu bila kuonyesha yake, usirudie ya kwako kwa maneno makali zaidi. Sema: "Naomba uniandikie ni kiasi gani kwa mwezi gani." Akishaandika, tofauti itakuwa imebanwa kwenye jambo moja, aidha pampu au ule utaratibu wa miezi mitatu. Hilo mjumbe analiweza kwa kikao kimoja. Nenda na mkataba, ile karatasi ya tarehe, simu yenyewe na risiti ya fundi.

Akija saa nne na vijana hata baada ya jibu hilo, usimzuie kwa mwili wala usimrushie maneno. Mpigie mjumbe au mwenyekiti wa mtaa aje aone, mwombe jirani abaki, na piga picha za vitu vikiwa ndani kabla havijaguswa. Kufuli likishapigwa usilivunje, hata kama vitu vyako vimo ndani, kwa sababu hapo kesi inageuka na wewe ndiye uliyeharibu mali. Nenda kituo cha polisi uandikishe taarifa, uchukue namba ya RB. Polisi mara nyingi watasema hilo ni jambo la madai, mwende mkapatane; sisitiza kwamba unaripoti kitisho na kutolewa kwa nguvu, siyo deni, na uonyeshe ujumbe wa tarehe 3. Kisha nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuomba zuio la muda pamoja na kufungua shauri. Barazani yale maelezo yako ya kodi, yenye tarehe na namba ya muamala, yatasomwa pamoja na maneno yake ya kufuli, kwa hiyo yaandike tangu mwanzo ukijua kuna mtu wa tatu anayeweza kuyasoma.

Asipokuja, tarehe 14 jioni hakikisha fedha iko kwenye simu pamoja na makato ya kutuma. Tarehe 15 asubuhi tuma 70,000 na maneno haya: "Shikamoo mzee. Nimekutumia 70,000, muamala namba ......... Kodi hadi 30 Septemba imekamilika." Ukipata naye "Nimeona" kama ile ya tarehe 3 Julai, piga picha ya skrini, uiweke pamoja na zile nyingine.